Bando dogo na video za kuskroli: mipangilio ya kubana data kwenye simu na ndani ya programu

Ukiwasha Data Saver ya simu kisha ukafungua TikTok, mara nyingi bando litaendelea kuisha kwa kasi ileile ya jana. Wengi hufikia hapo, wakaona swichi haina maana, wakaizima. Swichi ni nzima na inafanya kazi yake, ila kazi hiyo si ile unayoitarajia. Data Saver ya simu huzuia programu zisizo mbele ya macho yako zisitumie data kimyakimya. Programu uliyoifungua na kuishika mkononi huachiwa ivute kadiri inavyotaka, kwa kuwa simu inachukulia kwamba umeamua mwenyewe kuitumia.

Kwa hiyo kubana data ya video kuna ngazi mbili. Ya kwanza ni simu yenyewe, inayofunga mianya ya nyuma. Ya pili ni mipangilio iliyo ndani ya kila programu ya video, na hiyo ndiyo inayoamua ubora wa picha, video kujicheza zenyewe, na video zinazovutwa kabla hujazifikia. Ukifanya ya kwanza pekee utaokoa kidogo. Akiba kubwa iko kwenye ya pili.

Data inaliwa wapi unaposkroli

Video hupimwa kwa kiasi cha data kinachopita kila sekunde. Video ya megabiti 1 kwa sekunde hula MB 7.5 kwa dakika, kwa sababu baiti moja ni biti nane: sekunde 60 gawanya kwa 8. Kwa saa nzima ni MB 450. Ikipanda hadi megabiti 2.5, saa moja inapita GB 1. Ikishuka hadi nusu megabiti, saa moja ni MB 225 tu. Kwa makadirio, video ya 360p huwa karibu na hiyo nusu megabiti, na ya 720p huwa kati ya megabiti moja na nusu na mbili na nusu. Video yenye mwendo mwingi, kama mpira au dansi, hula zaidi ya mtu aliyekaa anaongea, hata ubora ukiwa mmoja.

Hesabu hiyo ingetosha kama ungetazama video moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kuskroli ni jambo jingine. Ili video inayofuata ianze bila kusubiri, programu huivuta mapema ukiwa bado unatazama iliyo mbele yako. Ukiipita bila kuitazama, sehemu iliyokwisha kuvutwa imeshakatwa kwenye bando, na hairudi.

Chukua mfano huu. Tuseme programu inavuta sekunde 10 za mwanzo za kila klipu, na klipu zina megabiti 1 kwa sekunde. Kila klipu basi inaingia na MB 1.25. Mtu anayepitisha kidole haraka, klipu 20 kwa dakika, hukaa sekunde 3 kwa kila moja. Kilichoingia ni 20 mara 1.25, yaani MB 25. Alichotazama kweli ni sekunde 60, yaani MB 7.5. MB 17.5 zilizobaki zimelipiwa na kutupwa ndani ya dakika moja. Mwenzake aliyetulia na klipu moja ya dakika nzima ametumia MB 7.5, na pengine moja na ushei ya klipu iliyovutwa nyuma yake. Kila programu ina kipimo chake cha kuvuta mapema, kwa hiyo namba zako zitatofautiana na hizi, lakini mwelekeo ni uleule: anayeruka-ruka hulipa kuliko anayetazama.

Ndiyo maana tunatafuta mipangilio ya aina tatu: inayoshusha ubora, inayopunguza kuvuta mapema, na inayozuia video kuanza zenyewe. Si kila programu ina zote tatu.

Pima kabla ya kugusa chochote

Bila kipimo utabadilisha mipangilio kumi na usijue ni upi uliosaidia. Kipimo chenyewe ni cha dakika kumi.

1. Zima Wi-Fi, ubaki na data ya simu.
2. Fungua ukurasa wa matumizi ya kila programu. Kwenye Android isiyobadilishwa sana na mtengenezaji ni Settings > Network & internet > Internet, kisha gusa alama ya gia pembeni ya jina la laini, halafu App data usage. Kwenye Samsung ni Settings > Connections > Data usage > Mobile data usage. Kwenye iPhone ni Settings > Mobile Data au Cellular, ushuke hadi kwenye orodha ya programu.
3. Andika namba ya programu unayoipima. Kwenye Android ukiigusa utaona namba mbili: Foreground, yaani data iliyotumika programu ikiwa wazi mbele yako, na Background, iliyotumika kimyakimya nyuma. Ziandike zote.
4. Iskroli programu hiyo kwa dakika 10 kamili, kwa mwendo wako wa kawaida. Usijibane, la sivyo utakuwa umepima nidhamu yako badala ya programu.
5. Rudi kwenye ukurasa ule, toa namba ya kwanza kwenye ya pili, gawanya kwa 10. Hiyo ndiyo MB kwa dakika.

Kwenye Android hesabu wakati mwingine huchelewa kujisasisha. Ukiona namba haijasogea, toka kwenye ukurasa, subiri dakika moja au mbili, uingie tena. Kwenye iPhone namba iliyo chini ya Current Period haijifuti yenyewe kila mwezi. Hukua tu hadi ubonyeze Reset Statistics iliyo mwisho kabisa wa ukurasa. Mtu anaweza kuona GB 80 akashtuka, kumbe ni za tangu aliponunua simu.

Namba ya Background inastahili kuangaliwa peke yake. Ikiwa kubwa kwa programu ya video, tatizo ni la ngazi ya simu. Ikiwa ndogo na Foreground ni kubwa, hakuna swichi ya simu itakayokusaidia sana. Nenda moja kwa moja kwenye programu.

Ngazi ya simu

Android: Settings > Network & internet > Data Saver, washa Use Data Saver. Simu ikiwa katika Kiswahili utaiona kama Kiokoa Data. Kwenye Samsung iko Settings > Connections > Data usage > Data saver. Watengenezaji hupenda kuhamisha-hamisha menyu, kwa hiyo kama huioni, andika *data saver* kwenye kisanduku cha kutafuta kilicho juu ya Settings. Huo ndio ujanja wa kukumbuka kuliko njia zote zilizoandikwa hapa, maana njia hubadilika toleo jipya likija.

Ukishaiwasha, fungua Unrestricted data ndani ya ukurasa huohuo. Hii ni orodha ya programu zilizoruhusiwa kupita. Programu ya video haina sababu ya kuwa humo. Programu ya ujumbe unaweza kuiruhusu, kwa kuwa Data Saver inaweza kuchelewesha ujumbe au kufanya picha zisiingie hadi ufungue programu. Jambo jingine linalowachanganya watu: Data Saver ikiwa imewashwa, Android haikuruhusu kugawa intaneti kwa hotspoti. Hotspoti ikigoma kuwaka ghafla, angalia hapo kwanza.

iPhone: Settings > Mobile Data > Mobile Data Options, kisha Low Data Mode, kwenye matoleo mengine imewekwa ndani ya Data Mode. Hii ilikuja na iOS 13 mwaka 2019. Inasimamisha masasisho ya kujiendesha na kazi za nyuma, na inazijulisha programu kwamba zipunguze matumizi, ingawa ni juu ya kila programu kutii au kutotii. Ukiwa hapohapo, shuka chini kabisa ya ukurasa wa Mobile Data uzime Wi-Fi Assist. Kazi yake ni kuhamia data ya simu Wi-Fi inapodhoofika. Kwa mwenye bando kubwa ni msaada. Kwa mwenye bando dogo ni tundu, kwani unaweza kudhani uko kwenye Wi-Fi kumbe video inapita kwenye laini.

Maliza na duka la programu. Play Store: gusa picha yako, Settings > Network preferences > Auto-update apps, chagua Over Wi-Fi only. Programu moja ya video ikijisasisha inaweza kula MB nyingi kabla hujatazama klipu hata moja.

Ndani ya programu, moja moja

*TikTok.* Nenda kwenye wasifu wako, gusa mistari mitatu juu kulia, Settings and privacy, shuka hadi Data Saver, uiwashe. Inashusha ubora wa video unapokuwa kwenye data ya simu, na hapo ndipo akiba inapotoka. Usitarajie video ziache kujicheza. Programu nzima imejengwa juu ya video inayoanza yenyewe, na hakuna swichi ya kulizima hilo. Kama menyu yako ina Offline videos, itumie ukiwa kwenye Wi-Fi: unachagua idadi ya video za kupakuliwa, kisha unazitazama baadaye bila kugusa bando. Kwa mtu wa bando la siku hii inaokoa kuliko swichi yoyote, ila video zinachaguliwa na programu, si wewe.

*Instagram.* Kwenye wasifu, mistari mitatu, kisha tafuta Media quality, ambayo kwenye simu nyingine imeandikwa Data usage and media quality. Ndani yake washa Data Saver, au Use less cellular data kama ndivyo ilivyoandikwa kwako. Kazi kubwa ya swichi hii ni kuzuia video zisivutwe mapema, ule mwanya tuliouona kwenye hesabu ya klipu 20. Utajua imeshika kwa ishara moja: ukiteleza kwenda klipu inayofuata, kunakuwa na kusita kidogo kabla haijaanza. Kusita huko ndiko akiba yenyewe. Anayeona ni kero na kuizima amerudi alikotoka. Ukiona pia chaguo la picha na video za ubora wa juu, liweke kwenye Wi-Fi only au Never. Kama ilivyo kwa TikTok, huwezi kuzuia video zisijicheze.

*Facebook.* Hapa kuna nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa kujicheza kunazimika. Menyu ya mistari mitatu, Settings & privacy > Settings > Media, kisha chini ya Autoplay chagua Never autoplay videos. Kuna chaguo la katikati, On Wi-Fi only, lakini lina mtego utakaoelezwa chini. Kwenye ukurasa huohuo, ubora wa video uweke Data saver badala ya Optimized. Baada ya hapo video kwenye mtiririko wa kawaida zitabaki picha tuli zenye alama ya kucheza hadi uziguse. Reels ni habari nyingine: ukishaingia kwenye Reels, zinacheza moja baada ya nyingine kama kawaida. Kwa hiyo ukishangaa kwamba umezima kila kitu na data bado inakwenda, jiulize unaskroli ukurasa wa mwanzo au uko ndani ya Reels.

*YouTube.* Ina mipangilio mingi kuliko wenzake na imetawanyika, ndiyo maana watu huacha nusu. Gusa picha yako, ingia Settings. Vitu vitatu vya kugusa:

Kwanza Video quality preferences, kisha On mobile networks, chagua Data saver. Hii ndiyo inayoweka ubora wa kudumu. Ubora unaouchagua kwa kugusa gia juu ya video unahusu video ile tu. Ikifuata nyingine, unarudi kwenye ule wa kudumu. Wengi huchagua 240p kwenye video moja wakadhani wamemaliza.

Pili Playback in feeds, ambayo kwa matoleo mengine iko ndani ya General na kwa mengine ndani ya Playback. Iweke Off. Hii ni ile tabia ya video kuanza kucheza kimya ukiwa bado unasoma vichwa vya habari kwenye ukurasa wa mwanzo. Haina sauti, hivyo watu hawaihesabu, lakini picha ndiyo nzito. Sauti ni sehemu ndogo sana ya data ya video.

Tatu ni swichi ndogo ya kujiendeleza, iliyo juu ya video inapocheza. Hii ndiyo inayoanzisha video nyingine ile ya kwanza ikiisha. Ukiwa mtu wa kusinzia na simu mkononi, hii pekee inaweza kumaliza bando usiku mmoja.

Kama ukurasa wako una Data saving, washa Data saving mode. Inakusanya baadhi ya mambo haya pamoja na kupakua kwa Wi-Fi pekee. Halafu hakikisha bado Playback in feeds imezimwa, usiiachie swichi moja kila kitu.

YouTube pia inakupa njia ya kuhakiki. Ndani ya Settings > General kuna Enable stats for nerds. Ukiiwasha, gusa gia juu ya video yoyote, chagua Stats for nerds, na utaona vipimo vya picha inayocheza sasa. Ikiandika 640x360 wakati umechagua Data saver, mambo ni sawa. Ikiandika 1280x720, mpangilio haujashika, au simu inaamini iko kwenye Wi-Fi.

*X.* Kwenye wasifu, Settings and privacy > Accessibility, display, and languages > Data usage. Washa Data saver, na Video autoplay iweke Never. Hiyo inatosha.

*WhatsApp* si ya kuskroli, ila makundi yake humwaga video. Settings > Storage and data, gusa When using mobile data, ondoa tiki zote, hasa Videos. Utaendelea kuona kuna video na ukubwa wake kwa MB kabla hujaamua kuigusa. Kuona MB 14 imeandikwa juu ya salamu za asubuhi humsaidia mtu kuamua haraka.

Wi-Fi isiyo Wi-Fi

Mtego wa Wi-Fi only ni huu. Ukiunganisha simu kwenye hotspoti ya simu nyingine, au kwenye kifaa kidogo cha intaneti chenye laini ndani yake, programu inaona Wi-Fi. Haijui kwamba nyuma yake kuna bando dogo kama lako. Video zinaanza kujicheza, ubora unapanda, masasisho yanafunguliwa, na WhatsApp inapakua kila kilichokuwa kinasubiri. Aliyekugawia anaweza kuona bando lake la wiki likiyeyuka ndani ya nusu saa, na wewe hujafanya kosa lolote unaloliona.

Dawa yake iko kwenye mtandao wenyewe. Android: Settings > Network & internet > Internet, gusa gia ya Wi-Fi hiyo, fungua Network usage, chagua Treat as metered. Simu itauhesabu mtandao huo kama wa kulipia, na Data Saver itafanya kazi juu yake. iPhone: Settings > Wi-Fi, gusa alama ya i pembeni ya jina la mtandao, washa Low Data Mode. Simu itakumbuka kwa mtandao huo kila utakapojiunga nao.

Hata hivyo programu inayouliza tu kama ni Wi-Fi au siyo haitajali alama hiyo. Ndiyo sababu kwa mtu anayetegemea hotspoti mara kwa mara, Never ni bora kuliko Wi-Fi only kwenye Facebook na X. Kwenye YouTube, weka pia On Wi-Fi kuwa Data saver kwa siku hizo, kwa kuwa iko hapohapo chini ya On mobile networks.

Mfano: GB 1 kwa siku saba

Tuseme bando ni GB 1 la wiki. Kwa siku ni takriban MB 145. Ujumbe, barua pepe na kuperuzi kwa kawaida vipewe MB 45. Zinabaki MB 100 za video.

Kipimo cha dakika 10 kabla ya kubadilisha chochote kimetoa MB 110, yaani MB 11 kwa dakika. MB 100 zinatosha dakika 9. Umewasha swichi ya programu, ukapima tena kwa mwendo uleule, ukapata MB 45, yaani MB 4.5 kwa dakika. MB zilezile 100 sasa zinafika dakika 22. Bando halijaongezeka, umepata dakika 13 zaidi kila siku.

Sasa tuseme kipimo cha pili kimetoa MB 95 badala ya 45. Usikimbilie kuwasha swichi nyingine. Rudia kipimo, lakini safari hii tazama kila klipu hadi mwisho bila kuruka. Ikishuka sana, ubora si tatizo. Kinachokula ni zile klipu zinazovutwa na kupitwa. Ikibaki palepale, ubora haujashuka, na swichi ama haijawashwa kwenye akaunti na simu unayotumia, ama programu inaamini iko kwenye Wi-Fi.

Kikomo cha simu na hesabu yake isiyo ya kawaida

Android ina Data warning & limit, inayopatikana kupitia gia ya laini kwenye ukurasa ule wa Internet. Onyo hukuarifu tu. Kikomo huzima data ya simu kabisa kikifikiwa. Ni kinga nzuri, lakini mzunguko wake kwa kawaida ni wa mwezi, unaoanza tarehe utakayoiweka. Simu haijui siku uliyonunua bando, wala haianzi kuhesabu upya unaponunua.

Kwa mwenye bando la siku au la wiki, hesabu huenda hivi. Angalia mzunguko huu umeshatumia kiasi gani. Tuseme ni GB 3.2. Umenunua GB 1. Kikomo kiweke GB 4.1, si GB 1. Ukikiweka GB 1, data itakatika papo hapo, kwa sababu kwa hesabu ya simu umeshapita zamani. Na kwa nini 4.1, si 4.2? Kwa sababu hesabu ya simu na ya mtandao wa simu hazilingani kikamilifu. Kuna kukadiria kwa juu, na kuna upande mmoja kuhesabu GB kama MB 1,000 na mwingine kama 1,024. MB 100 za pembeni zinameza tofauti hiyo. Ukinunua bando jingine, unarudi na kukisogeza. Baadhi ya simu zina kikomo cha kila siku ndani ya menyu ya mtengenezaji; kama yako inacho, kitumie, kitakuondolea hesabu hii.

iPhone haina kikomo cha namna hiyo. Unachoweza ni kuzima data ya simu kwa programu moja moja kwenye orodha ileile ya Mobile Data. Anayejijua kwamba hawezi kuacha kuskroli akianza, azime swichi ya programu hiyo hapo na aiwashe akiwa kwenye Wi-Fi tu.

Dalili za mambo kwenda kombo

Ukitoka kwenye akaunti, ukaifuta programu na kuiweka upya, au ukahamia simu nyingine, swichi za ndani ya programu zinaweza kurudi kama zilivyokuja. Zipitie zote upya, ni kazi ya dakika chache. Baada ya sasisho kubwa pia zitupie jicho.

Kubonyeza Clear cache kila siku ili kuokoa data ni kinyume cha mambo. Cache ndiyo iliyoshika picha na vipande vya video vilivyokwisha kuvutwa. Ukiifuta, programu itavivuta tena kwa bando lako. Ifute simu ikijaa, si vinginevyo. Kwa sababu hiyohiyo, klipu inayojirudia yenyewe mbele yako kwa kawaida haili data upya, inacheza kile kilichokwisha kuingia.

Picha ikiwa na ukungu sana hadi maandishi hayasomeki, usizime Data Saver nzima kwa ajili ya video moja. Kwenye YouTube gusa gia ya video hiyo, Quality, kisha Advanced, uchague 480p kwa ile tu. Inayofuata itarudi chini yenyewe.

Na namba ya Background ya programu ya video ikiendelea kupanda usiku ukiwa umelala, fungua Settings > Apps, chagua programu hiyo, ingia kwenye sehemu yake ya data ya simu, uzime Background data. Asubuhi iangalie tena. Kama bado imepanda, angalia kama iko kwenye orodha ya Unrestricted data, uiondoe.